Mgeni Siku Mbili, Siku ya Tatu Mpe Jembe

Kila aliyesoma Kiswahili shuleni amekutana na methali hii, na maelezo yake huwa yale yale: mgeni asikae akitumikiwa bila kikomo. Mkirimu siku mbili, siku ya tatu mshirikishe kazini. Wengi wameizoea kama methali ya kumuaga mtu kwa adabu, kwamba ukimwonyesha jembe atakumbuka kwao. Maana hiyo ni sahihi, ila imetazamwa kutoka upande wa mwenyeji peke yake. Yupo mgeni mmoja asiyekuja ili aondoke, naye ni mke aliyeolewa. Huyu haogopi jembe la siku ya tatu. Analisubiri, na lisipotolewa, huliota usiku.

Nasema hivyo kwa sababu ya mdogo wangu. Aliolewa kutoka kwetu Runyenjes, upande wa Embu, akaenda Nkubu, kule Imenti Kusini. Si safari ndefu: unavuka mto Thuci, unapita Chuka, na barabara ile ile inakufikisha. Kiembu na Kimeru ni ndugu, na mlima tunaoutazama asubuhi ni mmoja. Hata hivyo, miezi saba baada ya harusi alinipigia simu alfajiri, sauti imemkauka, akaniambia ndoto aliyokuwa ameiota kwa mara ya tatu.

Katika ndoto yuko sebuleni kwa mama mkwe, ameketi kwenye kochi lenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, ameshika kikombe cha maua juu ya kisahani chake. Nje anasikia majembe yakipiga udongo na watu wakicheka. Akitaka kuinuka, sauti inamwambia, "Kaa tu, mgeni hafanyi kazi." Anakunywa chai haraka ili amalize, atoke, awafuate. Kikombe hakipungui.

"Dada," akaniambia, "hawa watu hawajanipokea."

Kabla ya kumjibu ilinibidi nifikirie majina matatu ya kike yaliyojaa katika nyumba zetu. La kwanza ni Muthoni, na maana yake ni mkwe. Neno hilo lina undugu na nthoni, yaani haya, na Kiswahili nacho kina soni kwa maana hiyo hiyo. Kwa hiyo kwetu mkwe ni mtu unayemwonea soni: hukaribiani naye ovyo, humtazami kwa mzaha, unapima neno kabla ya kulitoa. Jina la pili ni Kageni, yaani mgeni. La tatu ni Karimi, mwenye kulima. Ukiyapanga majina haya utapata safari nzima ya mke: anaingia akiwa Muthoni, anakaa kitambo akiwa Kageni, na anatamani siku atakapoitwa Karimi kwa haki. Methali yetu inasimama hapo katikati, kati ya Kageni na Karimi.

Zile siku mbili za kwanza, basi, si za bure. Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe: akipita uani kila jicho linamwona. Mke mgeni anahitaji muda wa kutazamwa na wa kutazama. Ajifunze nani huamka kwanza, chumvi ya mukimo hutiwa kiasi gani, mzee hupenda kuketi wapi. Nao wenyeji wajifunze mwendo wake. Soni hapo ni ua linalowalinda wote wasiumizane kwa haraka. Kosa huanza pale inaposahauliwa kwamba siku mbili zimekwisha, na heshima ikageuka ukuta.

Wapo wanaodhani ukuta huo huvunjwa na mahari. Kwa Wameru, ruracio ya asili ina vitu vyake vinavyojulikana: mtamba wa ng'ombe, fahali, kondoo jike, kondoo dume, na asali. Wazee wakishapokea na kuonja, koo mbili zimefungamana. Lakini itazame orodha hiyo kwa makini. Hamna jembe ndani yake. Mahari hupatanisha wazee na wazee, ukoo na ukoo. Neno la mke na mama mkwe jikoni linabaki halijasemwa, na hakuna mjumbe anayeweza kutumwa kulisema kwa niaba yao. Ndiyo maana mke anaweza kuwa ameolewa kwa taratibu zote, mifugo yote imehesabiwa, na bado usiku akaota yuko mlangoni.

Sasa tuitazame ndoto yenyewe. Kwetu ndoto ya mkwe hupewa tafsiri upesi, na mara nyingi tafsiri hiyo ina meno. Mke akiota mama mkwe anamlisha, hakosi jirani wa kumwambia kwamba analishwa uchawi. Akiota mlango umefungwa, ataambiwa afunge na kuomba dhidi ya adui wa nyumba ile. Mdogo wangu naye alikuwa ameshaambiwa hivyo. Nilimwomba aliache hilo kwanza, achukue karatasi na kuandika ndoto yake kitu kwa kitu, kisha kando ya kila kitu aandike ni wapi amekiona akiwa macho.

Matokeo yalimshangaza mwenyewe. Kochi lilikuwa la kweli. Vitambaa vilikuwa vya kweli. Kikombe cha maua kilikuwa cha kweli kabisa: mama mkwe alikitoa kwenye kabati la kioo kila alipofika, ilhali wifi zake walikunywa kwa vikombe vya bati. Sauti ya "kaa tu" nayo aliijua. Ilikuwa ya mama, na aliisikia karibu kila jioni alipotaka kuosha vyombo. Kitu kimoja tu kiliongezwa na usingizi: kikombe kisichopungua. Hicho ndicho kilichobeba hofu yake, kwamba ugeni huu hautaisha.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Calvin Hall, alikusanya maelfu ya ndoto za watu wa kawaida katika karne iliyopita, akaona kwamba kwa sehemu kubwa watu huota yale yale yanayowashughulisha mchana. Hilo lilinisaidia kumweleza mdogo wangu. Ndoto ilimwambia kweli juu ya moyo wake yeye: anataka kuingia, na anaogopa. Juu ya moyo wa mama mkwe haikumwambia chochote. Ukiigeuza ndoto kuwa ushahidi dhidi ya mtu, umemhukumu kwa jambo alilolifanya ndani ya usingizi wako. Nyumba ngapi zimevunjika hivyo, mama mzee akaepukwa na wajukuu bila kuambiwa kosa lake?

Ilikuwa Oktoba, mvua za vuli zimeanza kunukia. Asubuhi moja mdogo wangu alivaa gambuti, akafunga leso kiunoni, akaenda kwa mama kabla chai haijachemka. Hakuketi. Alisimama jikoni penye moshi, akasema, "Mama, nimekuja kuomba jembe."

Mama akamtazama kwa muda. Akasema, "Niliogopa utasema umeletwa huku kulimishwa."

"Nami niliogopa utasema sijui kulima."

Mama akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa jembe lenye mpini uliolainika kwa miaka ya viganja. Wakashuka shambani. Hakumwambia alime popote. Alimwonyesha: "Kutoka mgomba ule mpaka kwenye mtaro, hapo ni pako. Panda maharagwe yako." Kisha akaenda kwenye mistari yake, na hawakusemezana tena hadi jua lilipopanda. Siku hiyo chai ilinywewa kondeni, kwa vikombe vya bati.

Katika maneno ya mama mna ufafanuzi ambao vitabu vya methali havijauandika. Hakutoa jembe tupu. Alitoa jembe, akatoa mahali pa kulima, akasema mazao ni ya nani. Mambo hayo matatu yakitenganishwa, methali inaharibika. Jembe bila kipande cha shamba ni utumwa, na wako wake wengi milimani kwetu waliopewa jembe siku ya kwanza wala si ya tatu, wakachuma kahawa na majani chai ya ukoo kwa miaka bila kikapu walichokiita chao. Hao hawakupokelewa, wametumiwa. Desturi yenyewe ya zamani haikukubali hilo, kwa kuwa mke alitengewa shamba la chakula na ghala lake. Na sheria ya leo inaona vivyo hivyo: Sheria ya Mali ya Wanandoa ya Kenya ya mwaka 2013 inahesabu kazi ya shamba, pamoja na kazi za nyumbani na malezi, kuwa mchango katika mali ya ndoa. Kwa lugha ya methali, sheria inasema jembe lina kumbukumbu.

Kuna upotofu wa pili, nao umefichwa ndani ya neno lenyewe. Jembe likipunguzwa linakuwa kijembe, na kijembe kwa Waswahili ni neno la kuchoma linalorushwa kwa kupitia pembeni. Nyumba nyingi zenye mvutano humnyima mke jembe na kumpiga vijembe: "Wengine walikuja kunywa chai tu." Anayesema hivyo ndiye aliyemwandalia chai. Basi ukitaka kupima hali ya nyumba, sikiliza: mke anaambiwa kosa lake usoni na kuonyeshwa namna ya kulirekebisha, au analisikia likipita uani kuelekea kwa mtu mwingine? Anayeonyeshwa kosa ameshaanza kuhesabiwa. Mgeni hakosolewi, kwa sababu ataondoka.

Wengine watanijibu kwa methali nyingine: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwamba mgeni ni baraka, kwa nini atwishwe mzigo? Sioni kama methali hizi mbili zinagombana. Mwenyeji atapona vipi kwa mtu aliyeketishwa sebuleni? Mama wa Nkubu alikuwa na mgongo unaouma na shamba linaloelekea kumshinda, huku akimkalisha kwenye kochi mtu aliyetamani kumsaidia. Wote wawili waliumwa na adabu. Jifya moja haliinjiki chungu, na adabu isiyomruhusu mwingine kuwa jifya huacha chungu chini.

Ndoto ile ilimrudia mdogo wangu mara mbili tena kabla ya Krismasi. Hakunipigia simu alfajiri. Alinieleza tulipokutana, huku akichambua maharagwe aliyoleta kutoka kwenye kile kipande kati ya mgomba na mtaro. Nilimwuliza kama bado inamtisha. Akasema anapoamka husikiliza kwanza kama mama ameshafungua mlango wa jikoni, kisha huenda kuchukua jembe. Siku hizi halipo tena nyuma ya mlango wa mama. Liko nyuma ya mlango wake.