Jina Mliloliandika Kwenye Fomu ya Bima

Wanangu, mkinunua bima ya maisha mnauliza mtakatwa kiasi gani kila mwezi. Sehemu ya mnufaika mnaijaza mbiombio, wakala akiwa tayari amefunga mkoba. Pesa nyingi hukwama hapo.

Tuseme kuna mwalimu wa Keroka, kijana asiyeoa bado. Kwenye nafasi ya mnufaika anaandika mamake kwa jina la nyumbani, Mama Moraa. Baadaye anaoa na kupata watoto, lakini fomu haigusi. Mamake anafariki, kisha naye anafariki katika ajali ya barabarani. Mjane anakwenda kudai.

Mkononi ana kibali cha mazishi, na kama wengi wetu anadhani kinatosha. Hakitoshi. Kibali kinaruhusu kuzika tu. Kampuni inataka cheti cha kifo kutoka kwa msajili wa vizazi na vifo, na jina lililomo lilingane na la kitambulisho cha marehemu na la hati ya bima. Pamoja na hicho, anatakiwa kupeleka hati ya bima yenyewe, fomu ya madai iliyojazwa, nakala za kitambulisho cha marehemu na chake, na akaunti ya benki. Kwa kuwa ni ajali, ataombwa pia abstrakti ya polisi na ripoti ya uchunguzi wa maiti.

Tuseme amekusanya zote. Karani anafungua faili: mnufaika ni Mama Moraa. Hata mama angekuwa hai, jina hilo halimo kwenye kitambulisho chochote, na angetakiwa kula kiapo mbele ya wakili kwamba ndiye yeye. Sasa amekufa na hakuna mwingine aliyetajwa, kwa hiyo pesa zinahesabiwa kuwa mali ya marehemu. Kampuni haiwezi kumkabidhi mjane kwa sababu tu kijiji kizima kinamjua.

Anaanza upya kwa chifu, kutafuta barua inayotaja warithi wote, kisha mahakamani Kisii au Nyamira kuomba usimamizi wa mirathi. Ombi hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Akishapewa usimamizi, kwa kawaida husubiri miezi 6 kabla ya kuthibitishiwa. Shemeji mmoja akiweka pingamizi, na katika maboma yetu hakosekani, muda huo unarefuka. Karo ya shule haisubiri.

Msikimbilie kuandika mtoto peke yake. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kupokea mwenyewe. Mtajieni mtu mzima wa kumshikia.

Mkioa, mkiachana au mkifiwa na mliyemtaja, iandikieni kampuni ibadilishe. Nakilini majina yote kama yalivyo kwenye kitambulisho cha mnufaika, namba yake pia. Kisha daini barua ya kuthibitisha mabadiliko, muibane na hati ya bima, na mumwonyeshe mnufaika zilipo.