Kimya Si Salama

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, mtandao ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, alifuta hifadhidata ya seva kuu akidhani yuko kwenye seva nyingine. Kosa hilo lina dawa yake: nakala rudufu inayotengenezwa kila siku. Walipoifuata, ghala lilikuwa tupu.

Kampuni ilieleza hadharani kilichotokea. Programu ya kunakili, pg_dump, ilikuwa toleo la 9.2, ilhali hifadhidata ilikuwa ya 9.6, kwa hiyo kila ilipojaribu ilikwama. Baruapepe za kueleza hitilafu zilitumwa, ila hazikutimiza masharti ya uhakiki yaitwayo DMARC, nazo zikakataliwa mlangoni. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono, kwa shughuli nyingine, takribani saa sita kabla. Data iliyoingia katika muda huo ikapotea.

Nani alikosea si swali langu. Nauliza kimya kilimaanisha nini. Mpango wao ulisimama juu ya ahadi moja: nikishindwa, nitakwambia. Ahadi hiyo humtwisha aliyeanguka kazi ya kutoa habari za kuanguka kwake. Seva iliyozimika haiandiki barua. Hapo kimya huwa na maana mbili, "yote salama" na "nimekufa", na msikilizaji huchagua ile inayomwacha alale.

Dawa ni kuigeuza ahadi: nikifaulu, nitakwambia, usiposikia, njoo.

```
0 2 * * * /opt/nakala.sh && curl -fsS https://mlinzi.example/usiku
```

Hapa kazi huanza saa nane usiku, na alama && huruhusu salamu itumwe endapo tu nakala imemalizika bila hitilafu. Mlinzi yuko kwenye mashine nyingine kabisa. Ikiwa nakala huchukua dakika arobaini, anangoja hadi saa tisa. Salamu isipofika, anapiga kengele. Kazi hii haifai kuachiwa macho ya mtu, kwa sababu aliyezoea kupokea barua thelathini za "salama" haioni ya thelathini na moja ambayo haikuja.

Hata salamu inaweza kudanganya: faili ikatoka tupu na kazi ikajiita imefaulu. Ndiyo maana nakala.sh inapaswa kupima ukubwa wa faili kabla ya kumaliza, na mara kwa mara mtu airejeshe nakala aone kama inafunguka.

Na mlinzi naye akizimika? Unaweza kumwekea mlinzi wake, na huyo wake, lakini mwisho wa mnyororo lazima awepo mtu ambaye kimya ni jukumu lake. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wajibu wa mtu huyo ni kuinuka kabla ya mshindo, akiwa hana ushahidi wowote isipokuwa salamu ambayo haikufika.