Amri Kumi na Mizani ya Sokoni

Amri kumi za Musa husomwa Rubaga na Namirembe, na pia katika sinagogi za Abayudaya karibu na Mbale. Msikitini Kibuli hutaikuta orodha ileile, ila Surat al-An'am, aya ya 151 hadi 153, iko karibu nayo sana: usimshirikishe Mungu, watendee wema wazazi, usiue, usiyakaribie machafu.

Ninachokipenda ni jinsi aya hizo zinavyougusa wizi. Kutoka inasema kwa ufupi tu, usiibe. Katika al-An'am wizi unafuatwa hadi unapojificha: kwenye mali ya yatima anayelelewa na ami yake, na kwenye mizani. Muuza maharage wa Nakasero anayepunja kilo anaguswa moja kwa moja. Torati nayo inakataza mizani ya uongo, lakini nje ya zile kumi.

Sabato ndiyo haimo katika aya hizo za al-An'am. Ijumaa Mwislamu huacha biashara adhana ikiita, na baada ya swala anaruhusiwa kurudi dukani. Myahudi wa Mbale, jua likizama jioni hiyohiyo, huacha kazi hadi Jumamosi usiku.