Hesabu ya Siku za Nyumbani

Anayepewa kazi ya zamu mgodini Geita, siku 14 kazini na 7 za mapumziko, hutazama kwanza mshahara. Mimi ningeanza na siku. Mwaka una mizunguko kama 17 ya namna hiyo. Familia ikiwa Dar es Salaam, basi la kwenda na kurudi hula siku 2 kati ya zile 7, na aliyetoka zamu ya usiku huilala siku ya kwanza nyumbani. Zinabaki 4, yaani siku 68 kwa mwaka, na nauli imelipwa mara 34. Familia ikiwa Mwanza, daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025, limeondoa foleni ya kivuko, na mapumziko yanabaki karibu yote.

Wapo watakaosema kambini chakula na malazi ni bure, hivyo mshahara unabaki mzima. Ni kweli, lakini wengi hutumia wiki ya mapumziko kufidia kutokuwepo: nyama choma, zawadi, madeni ya ndugu. Kwa hiyo akiba ikatwe siku ya mshahara, kabla ya kupanda basi, na mwenzi aliyebaki na watoto aulizwe kabla mkataba haujasainiwa, maana homa ya mtoto usiku ataikabili peke yake.