Wastani wa 86

Mama wa miaka 61 aliingia kliniki kwa mkongojo. "Mwanangu, nikitembea ni kama nakanyaga pamba," alisema. Wekundu wa damu yake ulikuwa 7.9. Nikatazama mstari wa MCV, yaani ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu: 86.

Kwa mtu mzima, MCV ikiwa chini ya femtolita 80, chembe ni ndogo. Tunawaza upungufu wa madini ya chuma, au talasemia ya kurithi. Ikipita 100, chembe ni kubwa. Tunawaza vitamini B12, foliki asidi, pombe au ini. Ikiwa katikati, tunawaza damu iliyotoka ghafla, figo, au ugonjwa wa muda mrefu. Mama alikuwa na baridi yabisi ya miaka mingi. Nikaandika ugonjwa wa muda mrefu, ganzi nikaisingizia uzee.

Baada ya miezi mitatu alirudi ameshikiliwa na binti yake. Gizani alikuwa akipepesuka kama mlevi. Safari hii mzee wetu wa maabara alipaka tone la damu kwenye kioo, akaniita kwenye hadubini. Humo mlikuwa na chembe ndogo zilizopauka, na katikati yake chembe kubwa zenye umbo la yai. Za ukubwa wa kawaida zilikuwa za kutafuta. Kulikuwa pia na chembe nyeupe zenye viini vilivyogawanyika vipande sita, dalili inayoelekeza kwenye B12 au foliki asidi.

Basi ile 86 ilitoka wapi? Chukua ujazo wa chembe nyekundu, asilimia 24, zidisha kwa 10, gawanya kwa milioni 2.8 za chembe: unapata 86. Hesabu haikukosea. Changanya dagaa na sangara, wastani wake utakupa samaki ambaye hayumo kapuni.

Na mashine ilikuwa imenidokeza tangu siku ya kwanza. Mistari michache chini ya MCV kuna RDW, inayoonyesha chembe zinavyotofautiana ukubwa. Kwa kawaida haizidi 15 hivi. Yake ilikuwa 25. Sikufika huko.

Chanzo kilikuwa tumbo. Kinga ya mwili wake ilikuwa ikishambulia ukuta wa tumbo: asidi ikapungua, chuma kikawa hakifyonzwi vizuri, kisha ikakosekana protini inayoibeba B12. Ningempa vidonge vya chuma peke yake, MCV ingeweza kupanda kupita 100. Ningempa foliki asidi peke yake, wekundu ungeweza kupanda huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika.

Alichomwa sindano za B12, akameza na chuma. Miezi sita baadaye wekundu ulifika 12, RDW ikashuka, na MCV ikasoma 88, karibu ileile ya mwanzo. Mkongojo bado anao. Ganzi ya vidole haijaondoka.