Usiigawe Jumla kwa Mbili

Mwanangu, ile karatasi yako ya matumizi nimeipitia. Jumla kuu inasoma shilingi 3,200,000, ilhali leja inasema 1,600,000. Umeniambia dawa umeshaipata, utaongeza `/2` mwishoni mwa fomula yaishe. Vijana wengi wamepitia mikononi mwangu na dawa hiyohiyo. Vuta kiti, tuangalie pamoja, taratibu.

Safu B, mstari wa 2 hadi wa 4, ni matumizi ya ofisi: pango 400,000, umeme 250,000, shajala 350,000. Mstari wa 5 ni jumla ndogo yake, 1,000,000. Mstari wa 6 hadi wa 8 ni usafiri: mafuta 300,000, matengenezo 200,000, nauli 100,000. Mstari wa 9 ni jumla ndogo, 600,000. Chini yake ukaandika `=SUM(B2:B9)`. Fomula hiyo haijui kuwa B5 na B9 ni majumlisho. Inaona namba, inajumlisha. Kila shilingi imeingia mara mbili: kwenye mstari wake, kisha ndani ya jumla ndogo.

Leo ukigawa kwa mbili utapata jibu sahihi, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwezi ujao mwenzako ataongeza ulinzi, 150,000, peke yake chini ya usafiri, bila jumla ndogo. Fomula ikirefushwa hadi mstari huo, SUM itasoma 3,350,000. Nusu yake ni 1,675,000. Jumla ya kweli ni 1,750,000. Nusu ya ulinzi itakuwa imepotea, na hakuna atakayeshtuka, kwa sababu namba itaonekana ya kawaida.

Basi futa, uandike hivi katika B5, B9 na B10, kwa mfuatano huo:

```
=SUBTOTAL(9,B2:B4)
=SUBTOTAL(9,B6:B8)
=SUBTOTAL(9,B2:B9)
```

Hiyo 9 maana yake ni kujumlisha. SUBTOTAL ikikutana na SUBTOTAL nyingine ndani ya eneo lake, huiruka. Lakini ibadilishe kote, mwanangu. Ukibadilisha ya chini peke yake, B5 na B9 zikabaki na SUM, haitaziruka, na jumla itarudi kuwa maradufu.

Jambo jingine: mistari iliyofichwa na kichujio, SUBTOTAL haiihesabu. Ukichuja ili uone mafuta tu, kisha ukachapisha karatasi, jumla kuu itakuwa ya mafuta tu. Ondoa kichujio kwanza.

Mwisho, usiniletee jumla uliyoilazimisha ifanane na leja. Bonyeza seli ya jumla, soma fomula yake, uone imeanzia wapi, imeishia wapi, na katikati imebeba nini. Ukiweza kunieleza hayo, na leja ikakubali, nitatia sahihi.