Tuliachana, lakini talaka iko wapi?

Tuseme wewe na mwanamume anayekuchumbia mmekutana mara ya tatu, chai iko mezani, nawe unamuuliza: "Kaka, uliwahi kuoa?" Anajibu, "Ah, yule tuliachana zamani," kisha anabadilisha mazungumzo. Hapo usikimbilie kufurahi. Watu wengi huita kuachana kile ambacho ni kuhama nyumba tu. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, aliyefunga ndoa ya mke mmoja kanisani hawezi kufunga nyingine ile ya kwanza ikiwa bado hai, hata kama hawajaonana miaka kumi. Tangazo la ndoa hutolewa siku 21 kabla, na mke wa zamani anaweza kuja kuweka pingamizi, kadi za mchango zikiwa zimeshasambazwa.

Kumbe sentensi tatu zingetosha: "Nilioa 2015. Tulitengana 2019, kesi ya talaka iko mahakamani. Tuna binti, namtumia ada kila muhula." Mambo ya nani alimkosea nani yanaweza kungoja.

Akianza, "Yule mwanamke ni shetani, aliniharibia maisha," utajua hasira yake, lakini tarehe, mtoto na talaka bado hujavijua. Mwache amalize, umwongezee chai, kisha urudie polepole: "Pole, kaka. Sasa, mahakama ilishatoa talaka?"